Watu Wawili Wanaomfahamu Ezra

Beatha aliigeuza karatasi ili maandishi yamwelekee Ezra, akaweka kalamu juu yake.

"Hii ni ya ridhaa, baba. Ukisaini hapa chini, uhakiki unaanza wiki hii hii."

Ezra hakuigusa kalamu. Alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaanza kusoma toka juu. Beatha, ambaye alizoea watu wanaosaini huku bado wanazungumza na simu, alitazama dirishani akisubiri. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, katikati ya mji wa Moshi, na kwa chini muuza viatu alikuwa akiita wateja kwa kipaza sauti.

Ezra Ntakije alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari, huko tambarare kusini ya mji. Kwao ni Kasulu. Alikuja Kilimanjaro akiwa bado kijana, baada ya miaka michache ya kazi Shinyanga, kama wengi waliofuata kazi za mashambani na kiwandani, akaoa, akajenga nyumba ndogo Mabogini ukingoni mwa mashamba ya mpunga. Sasa alikuwa na miaka hamsini na moja. Mkewe Yuditha alikwishafariki, na hawakujaliwa mtoto. Tangu msiba ule zamu za usiku zilimchosha kwa namna mpya. Haikuwa kazi yenyewe. Ni kule kurudi asubuhi, kufungua kufuli mwenyewe, na kukuta kikombe pale pale alipokiacha. Aliposikia kwamba kiwanda cha maziwa kinachofunguliwa Machame kinatafuta msimamizi wa umeme, kazi ya mchana, na nyumba ya kuishi juu kule kwenye baridi, alituma maombi bila kumwambia mtu. Usaili alifaulu. Kiwanda kilikuwa kimempa Beatha na wenzake kazi ya kutafuta wafanyakazi na kuwahakiki, na ndiyo sababu alikuwa amekaa hapa.

"Dada Beatha," alisema alipomaliza kusoma, "hapa pameandikwa 'taarifa zote zinazohusiana na mwombaji'. Zote ni zipi? Mtahakiki nini hasa?"

Beatha alitabasamu kidogo. Alikuwa binti wa Machame, wa miaka thelathini hivi, na alikuwa amemwamkia shikamoo kwa heshima ya kweli. "Swali zuri, baba. Hilo neno na mimi silipendi, limekaa kama wavu. Ngoja nikueleze."

Akamweleza. Kitambulisho chake cha taifa kitalinganishwa na majina yaliyo kwenye vyeti. Cheti cha kidato cha nne kitathibitishwa na baraza la mitihani kwa namba yake ya mtihani, na cheti cha ufundi kitathibitishwa na mamlaka ya ufundi iliyokitoa. Leseni ya fundi umeme nayo itaangaliwa kama bado iko hai. Hati ya polisi hawawezi kumwombea wao. Ataiomba mwenyewe, atoe alama za vidole, kisha ailete.

"Halafu tunawaandikia waajiri wako. Tunauliza ulianza lini, uliacha lini, ulikuwa na cheo gani, na uliondoka kwa sababu gani. Basi."

"Niliko sasa pia?" Ezra alivua miwani. "Hawajui kama natafuta kazi. Mkiwaandikia, na huku juu mkaninyima, mimi nitakuwa nimesimama wapi?"

"Hilo ndilo la kusema sasa, kabla ya kusaini." Alimwonyesha kiboksi ambacho macho ya Ezra yalikuwa yamekiruka. "Ukiweka alama hapa, mwajiri wa sasa hatumgusi mpaka upate barua ya kazi mkononi na wewe mwenyewe utuambie tayari. Barua itasema kazi ni yako ila kwa sharti kwamba na huko majibu yawe sawa."

Ezra akaweka alama. Akauliza nani atasoma majibu. Beatha akasema ni yeye na ofisa mwajiri wa kiwanda cha maziwa, hakuna mwingine. Akauliza yatakaa hapo mpaka lini. Asipoajiriwa, yatafutwa baada ya miezi sita. Akauliza kama anaweza kubadili mawazo katikati ya safari.

"Unaweza. Unaandika kwamba umeondoa ridhaa, tunasimama pale tulipofika. Ila sitakudanganya, maombi yako nayo yanaweza kusimama hapo hapo."

"Na habari za nyumbani kwangu? Za mke?"

"Ndoa yako haituhusu, baba."

Ezra aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na uhakika kama amefarijika. Beatha akalikata lile neno "zote" kwa kalamu yake, akaandika kando yale aliyoyataja, na wote wawili wakaweka herufi za majina yao hapo. Hadi hapo mambo yalikuwa mepesi.

Sehemu ya mwisho ilikuwa na mistari mitupu. Watu wawili, si ndugu, wanaomfahamu mwombaji kwa muda usiopungua miaka mitatu. Wasiwe wafanyakazi wa mahali anapofanya kazi sasa.

Ezra aliitazama mistari ile. Kalamu ilishuka, ikasimama juu ya karatasi, ikainuka tena.

"Yeyote tu?"

"Yeyote anayekufahamu vizuri. Ila usituandikie namba ya mtu ambaye hujamwomba. Na yeye ana haki ya kukubali au kukataa. Nenda kamwone kwanza, mweleze kwamba tutampigia." Kisha, kwa kuwa aliona uso wa mzee umebadilika, akaongeza, "Wala hatuulizi makubwa. Amekufahamu kwa muda gani, kwa njia gani, ni mtu wa kutegemewa kazini, na kama kuna lolote tunalopaswa kujua. Na kila tunayempigia tunamwambia mapema kwamba wewe unaweza kuomba kusoma alichosema."

"Nipe siku chache," Ezra alisema.

Alitoka na karatasi imekunjwa kwenye bahasha. Kabla ya kurudi Mabogini alipitia ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu kinu cha kuchambua pamba alikofanyia kazi Shinyanga kilikuwa kimefungwa zamani, na Beatha alikuwa amesema kwamba palipokufa mwajiri, taarifa ya michango yake itatosha kuthibitisha miaka ile. Karani akamchapia. Ezra aliisoma akiwa amesimama kivulini. Ujana wake wote wa Shinyanga ulikuwa pale, mwezi kwa mwezi, pamoja na jina la kampuni ambayo haina tena mtu wa kupokea simu.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua simu, akapitia majina. Msimamizi wa zamu. Fundi bomba. Mwenye duka la nyaya. Mtu wa kiwandani, mtu wa kiwandani, mtu wa kiwandani. Dada yake wa Kasulu, ambaye ni ndugu. Kulikuwa na majina ambayo hakuyakumbuka, aliyoyaandika Yuditha kwa mkono wake alipokuwa akiitumia simu ile: Mama Ubarikio, Sopurano ya pili, Elisifa wa maziwa. Hao walikuwa watu wa Yuditha. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba kwaya, akienda kwenye vikao vya harusi, akijua nani kajifungua na nani kalazwa. Ezra alikuwa akiingia zamu au akitoka zamu. Watu walikuwa wakija katika nyumba ile, naye aliamini wanakuja kwao wote wawili. Baada ya arobaini waliacha kuja, mmoja mmoja, bila ugomvi wowote.

Asubuhi alimwendea Athanas.

Athanas alikuwa na majaruba ya mpunga ng'ambo ya mfereji, mbele kabisa ya nyumba ya Ezra. Kwa miaka walisalimiana kila siku, mmoja akiwa na jembe, mwingine akiwa na mfuko wa vifaa. Ezra aliwahi kumtengenezea pampu, naye Athanas aliwahi kumletea debe la mchele wakati wa msiba. Alimkuta amesimama kwenye tope akiziba mahali maji yalipotoboa tuta.

"Bwana Athanas, nina ombi."

"Sema, Fundi."

Ezra akaeleza. Athanas alisikiliza akiwa ameegemea jembe, akikuna shavu kwa mkono wenye matope.

"Hakuna neno. Wanipigie. Nitasema wewe ni mtu mwema, hunywi, hugombani na mtu juu ya maji. Ila watasema wanauliza habari za nani?"

"Za mimi."

"Ndiyo. Jina, Fundi. Jina lako hasa ni nani?"

Maji yalikuwa yakipita katikati yao kwenye mfereji. Ezra akamtajia jina. Athanas akalirudia mara mbili ili asilisahau, akacheka kwa aibu, na Ezra naye akacheka. Halafu akavuka, akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani na viatu vyake.

Athanas hakuwa na kosa. Hata Ezra mwenyewe hakujua watoto wa Athanas ni wangapi.

Aliandika jina la Athanas kwenye mstari wa kwanza. Mstari wa pili aliuacha mpaka Jumapili. Siku hiyo alikwenda kanisani, jambo ambalo alikuwa ameliacha, akamsubiri mzee wa kanisa, Augustino, baada ya ibada. Mzee Augustino alimkumbatia, akamwuliza habari za kiwandani, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono.

"Ndugu yangu, usikasirike. Barua ya kusema wewe ni msharika wetu, katibu ataiandika leo leo. Lakini wakinipigia wakaniuliza Ezra ni mtu wa namna gani, mimi nitasema nini? Mkeo nilimfahamu. Wewe nilizungumza nawe siku tunazika. Nikisema nakufahamu nitakuwa nimesema uongo, na ulichoniomba ni kusema kweli."

"Nimeelewa, mzee."

"Njoo Alhamisi. Tuna sala ya jumuiya nyumbani kwangu."

"Asante, mzee," Ezra alisema, na wote wawili walijua kwamba Alhamisi ni zamu yake.

Jina lililobaki lilikuwa moja, na tangu mwanzo alikuwa akilizunguka kama mtu anayezunguka shimo. Salehe wa Majengo.

Salehe alikuwa mchomeleaji. Karakana yake ilikuwa kwenye kichochoro karibu na msikiti, uani kwa babake, na hapo zamani Ezra alikuwa akishinda siku zake zote za mapumziko. Alimfungia umeme wa karakana, akamsukia upya nyaya za mashine ya kuchomelea ilipoungua, wakala pamoja futari na Krismasi. Yuditha na Hajira, mke wa Salehe, walikuwa wakiitana wifi. Yuditha alipofariki, Salehe ndiye aliyesimamia jeneza mbao kwa mbao. Baada ya hapo Ezra hakwenda tena. Hakukusudia. Wiki ya kwanza hakuwa na nguvu. Ya pili aliona aibu kwa kutokwenda ile ya kwanza, na aibu ikaendelea kukua peke yake. Kisha Hajira akaugua, akafa. Ezra alipata habari, akavaa, akatoka mpaka barabarani, akashindwa kuingia tena kwenye nyumba yenye kilio. Akarudi. Hata simu hakupiga.

Alimkuta Salehe amepiga goti mbele ya geti, amevaa miwani myeusi, cheche zikimrukia. Ezra alisubiri mpaka mwanga ukazimika.

"Salehe."

Salehe akainua miwani. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hakusimama.

"Ezra," alisema. "Karibu. Kiti kile pale."

Ezra hakukaa. Alieleza kwa haraka, kama mtu anayesoma tangazo: kazi, Machame, ofisi ya mjini, watu wawili. Akasema kwamba hakuja kumlazimisha, kwamba anaweza kukataa, kwamba ndivyo dada wa ofisini alivyosema.

"Wataniuliza nini?"

Ezra akamwambia maswali yote manne, kama alivyoambiwa.

Salehe alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Nimekufahamu muda gani, hilo nitajibu. Kwa njia gani, nitajibu. Kazi yako, mashine ile pale bado inawaka, nitajibu. Hilo la mwisho." Alikitupa kitambaa. "Kama kuna lolote wanalopaswa kujua. Mimi sisemi uongo kwenye simu ya mtu, Ezra."

"Sijakuomba useme uongo."

"Nimemzika mke wangu. Nilikuwa natazama mlangoni."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akitwanga. Ezra akasema, "Nilifika barabarani."

"Barabarani," Salehe alirudia. Akashusha miwani machoni. "Waandikie namba yangu. Ni ile ile."

Mwanga wa kuchomelea ukawaka, na Ezra akageuza uso.

Usiku wa zamu uliofuata alifikiri kuacha mstari wazi. Angeweza kumwambia Beatha kwamba amekosa mtu. Angeweza kumwandika mwenye duka la nyaya, ambaye angesema lolote kwa ajili ya mteja. Asubuhi alimpelekea Beatha karatasi ikiwa na jina la Salehe kwenye mstari wa pili.

"Wote wamekubali?" Beatha aliuliza.

"Wamekubali. Huyu wa pili anaweza kusema jambo lisilonifaa."

"Unataka kumbadilisha? Hujasaini bado."

"Hapana," Ezra alisema. "Ndiye anayenifahamu." Akasaini.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Vyeti vilirudi safi, leseni ilikuwa hai, hati ya polisi ilitoka. Barua ya kazi ilipofika, Ezra hakumruhusu Beatha akiandikie kiwanda cha sukari siku hiyo. Alikwenda kwanza mwenyewe kwa bosi wake, Herbert, akamwambia uso kwa uso. Herbert alishangaa, akasema wangejua angependa zamu za mchana wangemtafutia. "Hukuwahi kusema kitu, bwana Ezra," alisema, na hapakuwa na lawama katika sauti yake. Beatha akapewa ruhusa, kiwanda kikajibu tarehe na cheo, na sharti la barua likaisha.

Siku ya kusaini mkataba Ezra aliomba kusoma kilichosemwa na watu wake wawili. Beatha akamgeuzia kompyuta.

Athanas alikuwa amesema kwamba anamfahamu Fundi Ezra, mtu mkimya, mwaminifu kwenye maji.

Ya Salehe yalikuwa marefu zaidi. Miaka ishirini na mbili. Urafiki. Kazi yake haina kasoro, haondoki penye hatari mpaka aiondoe. Kwenye swali la mwisho Beatha alikuwa ameandika maneno kama yalivyotamkwa: *Mkimpeleka huko juu msimwache akae peke yake. Akiwa na huzuni hajui kuja kwa watu. Inabidi afuatwe. Mimi sikumfuata.*

Ezra alisoma mara ya pili. Beatha alijishughulisha na droo.

"Hilo la mwisho sikulipeleka kiwandani, baba," alisema bila kuinua uso. "Halihusu kazi. Limebaki hapa kwenye taarifa zako. Ukitaka nilifute, nitalifuta."

"Liache," Ezra alisema.

Machame kulikuwa na baridi na migomba, na ukungu uliokuwa ukishuka mchana mpaka taa za kiwanda zikawashwa saa tisa. Nyumba aliyopewa ilikuwa na vyumba viwili. Majirani walizungumza Kichagga wakipita na majani ya ng'ombe, wakabadili kuwa Kiswahili kumsalimia, kisha wakarudi kwenye chao. Jioni alipika ugali wake, akasikiliza redio. Kimya cha Machame kilikuwa sawa na kile cha Mabogini, ila hiki kilikuwa na baridi.

Jumapili ya tatu akateremka mjini, akashuka Majengo.

Salehe alikuwa peke yake uani, akipanga vipande vya nondo.

"Shida gani leo?" aliuliza.

"Hakuna shida."

"Wanataka kunipigia tena?"

"Hapana. Nimekuja tu."

Salehe akamwonyesha kiti kwa kidevu. Safari hii Ezra alikaa. Hawakusema lolote la maana. Salehe alikata nondo, Ezra alishika upande wa pili ili zisicheze, kama zamani, ingawa mikono yao haikuwa tena na mwendo mmoja na mara mbili msumeno uliteleza. Hakuna aliyemtaja Hajira, wala Yuditha. Adhana ya alasiri ilipoita, Salehe alinawa, akavaa kofia, akasimama kwenye geti akiwa amempa mgongo.

"Kuna birika la kahawa jikoni," alisema. "Kama hutaondoka, lipashe moto."

Akaenda. Ezra alibaki uani akisikia sauti za watu wakiingia msikitini. Basi la mwisho la Machame lilikuwa bado. Alikaa kidogo, kisha akainuka kwenda kutafuta kiberiti katika jiko ambalo hakujua tena vitu vyake viko wapi.